Kapsheni ya Udahili Inasomwa na Watu Wawili

(Niliongea haya mbele ya watu wa ofisi za udahili na vijana wanaosimamia kurasa za vyuo, wengi wakaomba maandishi, basi nayaweka hapa karibu kama nilivyoyasema.)

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu mambo vipi. Nashukuru kwa nafasi. Nimeambiwa niongelee kapsheni za kampeni ya udahili, hizi za kumvuta mwanafunzi na mzazi wake, na najua mkisikia hivo mnategemea nije na maneno matamu ya kuweka chini ya picha. Sina hayo. Nimekuja na hesabu za pointi, ada na herufi za meseji, maana huko ndo watoto wanapopotelea.

Tuanze na njia ambayo tangazo lenu linapita. Toka 2017 TCU, ile tume inayosimamia vyuo vikuu, walipoacha ule mfumo wa maombi ya pamoja, mwombaji anatuma maombi chuoni moja kwa moja, kwahiyo kila chuo kinajitangaza chenyewe na kinajieleza chenyewe. Matokeo ya form six yanatoka Julai, siku chache baadae dirisha la kwanza la maombi linafunguliwa. Mwaka 2024 kwa mfano matokeo yalitoka tarehe 13 Julai na dirisha likafunguliwa tarehe 15, yani siku mbili. Hapo binti yupo Insta anapitisha mabango ya vyuo kumi kwa dakika, moja linamvutia, anapiga skrinshoti, jioni anamwonyesha mama. Mama anauliza, hiki chuo kinatambulika? Shilingi ngapi? Mkopo upo? Utalala wapi? Na yule binti hana majibu, kwa sababu majibu yalikua kwenye kapsheni na kapsheni imebaki Insta, kwenye skrinshoti kuna picha tu ya wanafunzi wamevaa majoho wanacheka.

Hapo ndo nataka tukae leo. Tumezoea kusema hii posti ni ya wanafunzi, hii ya wazazi, tunaandika mbili tofauti. Lakini mzazi hafuati ukurasa wenu, kinachomfikia kinaletwa na mtoto, na uamuzi unafanyika pale sebuleni wakiwa wawili. Kapsheni nzuri ya udahili ni ile inayompa kijana uwezo wa kujibu maswali ya nyumbani bila kubabaika. Na mnaposema mzazi semeni pia mlezi, kwa sababu mnajua wenyewe ni watoto wangapi wamelelewa na shangazi, mjomba au kaka mkubwa, na huyo ndo anayetoa hela.

Sasa kitu cha kwanza kinachoharibu, na hiki nakiona kila Julai, ni neno pointi.

Chuo kinaandika "Sifa: pointi 4 na kuendelea." Nyie mnaelewa, mnatumia mwongozo wa TCU ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na mwombaji anatakiwa awe na prinsipo mbili, yani ufaulu wa E kwenda juu, kwenye masomo yanayohesabiwa kwa hiyo kozi, jumla isipungue 4. Kwa hesabu hiyo pointi zikiwa nyingi ndo vizuri. Lakini nyumbani pointi wanazozijua ni za divisheni, zile za baraza la mitihani, NECTA, na zenyewe zinaenda kinyume, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6. Kule pointi zikiwa chache ndo unapongezwa, mtu anasema mwanangu kapata wani ya saba mtaa mzima unajua. Sasa mzazi huyo akisoma "pointi 4" anaelewa nini? Anaelewa chuo kinataka wani ya nne! Na mtoto wake ana thrii ya kumi na nne. Wanafunga simu, wanaanza kuulizia vyuo vya diploma, wakati huenda mtoto alikua na sifa za digrii.

Chukueni watoto wawili waliosoma ECA, yani Uchumi, Biashara na Uhasibu. Wa kwanza ana C, E na S. Kwa divisheni ni 3 jumlisha 5 jumlisha 6, kumi na nne, divisheni thrii. Wa pili ana D, E na E, hiyo ni 4 na 5 na 5, kumi na nne vilevile, thrii vilevile. Kwenye cheti hawa wamelingana kabisa. Njoo kwenye udahili: wa kwanza ana prinsipo mbili, C na E, 3 jumlisha 1 ni 4, amefika. Wa pili unamchukulia mbili zake nzuri, D na E, 2 jumlisha 1 ni 3, hajafika, japo yeye ana prinsipo tatu na mwenzake ana mbili. Kwahiyo ukiandika "Divisheni thrii karibuni" umemdanganya wa pili, ukiandika "pointi 4" umemfukuza wa kwanza. Andikeni alama zenyewe. "D mbili, au C na E." Basi. Hiyo hata bibi aliyeko kijijini akisomewa anaelewa, analinganisha na karatasi ya matokeo pale pale.

Halafu mtaje masomo. Sio tahasusi peke yake, ule mchanganyiko kama ECA au HGE. Mtoto wa HGE mwenye D ya Historia na D ya Jiografia, na Uchumi kapata S, anaona kwenye bango mmeandika HGE anakubalika, anaomba, anakosa, kwa sababu kozi yenu Historia haiihesabu. Kosa linakua la nani hapo? Na neno la kutumia ni "unaweza kuomba", msiandike "umepata nafasi" wala "njoo usajiliwe", kwa sababu kile ni kiwango cha chini tu, kozi ikijaa wanachukuliwa wenye alama za juu zaidi. Wale wa diploma wapeni posti yao, maana wao wanapimwa kwa GPA kuanzia 3.0 na ufaulu wa form four, ukiwachanganya kwenye kapsheni moja na form six kila mtu anachanganyikiwa.

Naomba niwape mfano kamili, chuo ni cha kubuni na tarehe na hela ni za mfano. Kapsheni iliyozoeleka ni hii:

"Ndoto yako inaanzia hapa! Jiunge na chuo bora chenye mazingira tulivu na walimu mahiri. Mikopo ipo, nafasi ni chache, tuma maombi sasa!"

Toa jina la chuo, weka la chuo kingine chochote, inakaa vilevile. Haina hata neno moja ambalo yule binti anaweza kumpelekea mama yake. Sasa hii:

"Umesoma ECA, EGM au HGE na una D mbili, au C na E? Unaweza kuomba Uhasibu kwetu mpaka 10 Agosti.
Masomo tunayohesabu: Uchumi, Biashara, Uhasibu, Hesabu, Jiografia.
Mzazi/mlezi: mwaka wa kwanza ni 1,700,000 kwa awamu mbili, michango yote imo. Chakula na malazi havimo. Hosteli zipo, wa mwaka wa kwanza wanatangulizwa.
Kozi ipo kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, angalia jina la chuo na code ya kozi kwenye picha.
Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, hauombwi chuoni. Usisubiri majibu yetu, omba sasa."

Mstari wa kwanza una herufi 96 ukihesabu na nafasi. Nimeubana makusudi, kwa sababu Insta inaonyesha kama herufi 125 za mwanzo halafu inakata, mtu mpaka abonyeze ndo aone zingine, na wengi hawabonyezi. Kwahiyo sifa na tarehe ya mwisho vinakaa mbele. Jina la chuo mbona lipo juu ya posti tayari, msipoteze herufi hapo. Na kile kiungo mnachokibandika katikati ya kapsheni ya Insta hakibonyezeki, ni maandishi tu, wekeni kwenye maelezo ya ukurasa, na anuani fupi iandikwe kwenye picha. Pia ukiangalia, mistari yote inaongea na kijana kama "wewe" ila mmoja tu unaanza na "Mzazi/mlezi". Hiyo ni kusudi pia. Ukiandika kapsheni nzima "mlete mwanao kwetu", kijana wa miaka kumi na tisa anaona anajadiliwa yeye akiwa amekaa pale pale, anapita. Mstari mmoja wenye jina la mzazi unatosha, na kijana ndo ataunyooshea kidole: mama soma hapa.

Na kwa sababu ya ile skrinshoti, vitu vinne viwe juu ya picha yenyewe bila kujali kapsheni inasemaje: jina la kozi pamoja na code yake, alama zinazotakiwa, jumla ya hela, tarehe ya mwisho. Picha ya majoho ipungue, haina shida.

Sasa hela. Hapa ndugu zangu naomba tuwe wakweli sana. Chuo kinaandika "Ada 1,500,000 tu", mzazi anauza mahindi au anachukua mkopo wa kikundi, anajipanga na hiyo, mtoto anafika na barua ya kujiunga ina ukurasa mzima wa michango. Bima ya afya ya mwanafunzi 50,400. Ada ya uthibiti ubora ya TCU 20,000. Usajili, kitambulisho, mitihani, umoja wa wanafunzi, kwenye mfano wangu nimeviweka jumla 129,600. Jumlisha na ada inakuja 1,700,000 kamili. Tofauti ni laki mbili, na kwa familia nyingi laki mbili ndo nauli, godoro na chakula cha wiki za mwanzo. Ukiandika jumla toka mwanzo utapoteza wachache walioogopa namba, sawa, ila hao wangekwama Oktoba getini, na mzazi aliyekwama getini anasimulia ukoo mzima. Neno "tu" baada ya bei lifuteni kabisa, anayejua kama hela ni kidogo ni yule anayelipa.

Kinachoniuma zaidi ni haya maneno mawili, "mikopo ipo". Chuo hakina mkopo. Mkopo unatolewa na Bodi ya Mikopo, HESLB, kwa mfumo wao, kwa tarehe zao, na kwa vigezo vyao vya uhitaji, na hata aliyepata anaweza kupata sehemu tu ya ada. Mzazi anaposoma "mikopo ipo" chini ya jina la chuo anaelewa kwamba mtoto akipokelewa, mkopo unakuja nao. Kwahiyo wanasubiri majibu ya chuo kwanza. Na kusubiri huko ndo kunakowamaliza, kwa sababu dirisha la mkopo halisubiri dirisha la udahili. Mwaka huo huo wa 2024 Bodi walifungua maombi Juni, matokeo ya form six hata hayajatoka! Mtoto akianza kuhangaika baada ya kuchaguliwa, bado kuna cheti cha kuzaliwa cha kuhakikiwa RITA, kuna mdhamini wa kutafutwa na kusaini, kuna fomu ya serikali ya mtaa, na siku zimeisha.

Kwahiyo mstari wa mkopo ukae kwenye kila kapsheni na useme mambo mawili: unaombwa wapi, na uombe sasa. Kama nafasi ipo ongezeni kitu kimoja ambacho watu wanakikosa sana: namba ya mtihani ya form four atakayojazia mkopo iwe ile ile aliyojazia udahili. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, huku anajaza moja, kule nyingine, mifumo inamwona ni watu wawili, mkopo unakwama na yeye anafikiri amenyimwa. Kapsheni ya mistari miwili kuhusu hilo tu, wiki ya kwanza ya dirisha, ina faida kuliko video yenu ya droni.

Nije kwenye simu. Wazazi wengi wa watoto wetu wanatumia kiswaswadu, hawana Insta wala WhatsApp, kwao kapsheni ni meseji. Na meseji ina sheria zake. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160. Ukiweka alama moja tu isiyo ya kawaida, kiemoji kimoja cha kofia ya mahafali, meseji nzima inabadilishwa mfumo na uwezo unashuka mpaka herufi 70, ikizidi inakatwa vipande vya 67. Chuo kinalipia kila kipande. Hata zile alama za kunukuu zilizopinda ambazo kompyuta inaziweka yenyewe ukinakili kutoka kwenye waraka, zinafanya hivo hivo, na wengi mnaona bili imepanda hamjui kwanini.

Angalieni hii:

"Mzazi, chuo kimepokea maombi ya mwanao. Gharama za mwaka wa 1 bila chakula na malazi: 1,700,000 kwa awamu 2. Lipa kwa namba ya malipo tu, usimpe mtu pesa."

Herufi 154, inaingia kwenye meseji moja. Ongeza kiemoji kimoja mwishoni, zinakua meseji tatu. Zidisha kwa wazazi elfu tano mjionee. Na huo mstari wa mwisho wa kutompa mtu pesa sio pambo, msimu wa udahili matapeli wanapiga simu wanasema ni watu wa chuo, nafasi imebaki moja, tuma hela kwa namba hii. Mzazi akishapata meseji ya chuo inayotaja njia ya kulipia, anapata pa kukatalia. Ila namba ya mzazi muwe mmeipata kwenye fomu kwa ruhusa na kwa kazi hiyo hiyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, msichukue orodha ya simu kutoka shuleni kwa rafiki yenu mwalimu mkaanza kurusha matangazo.

Kuna namba nyingine ambayo ni hatari zaidi, na sijaona chuo kinaiongelea kwenye kapsheni ipasavyo. Ni namba ambayo mwombaji anajaza kwenye fomu. Watoto wengi wanaombea steshenari, hasa mikoani. Kijana wa steshenari anawafungulia barua pepe, anawawekea nywila, na wengine anawajazia namba yake ya simu ili mambo yaende haraka. Siku ya siku majina yanatoka, mtoto amechaguliwa vyuo viwili au vitatu, anatakiwa athibitishe kimoja kwa code maalumu, na hiyo code inatumwa wapi? Kwenye ile namba na barua pepe aliyoombea. Steshenari imefungwa, au yule kijana amehama, au ana code za watoto mia mbili kwenye simu hajui ipi ya nani. Muda wa kuthibitisha ni mfupi, ukipita nafasi haishikiliwi.

Kwahiyo wiki ile maombi yanaanza, kabla hamjaweka posti yoyote ya kusifia maktaba, wekeni hii: "Unaombea steshenari? Jaza namba ya simu yako au ya mzazi, usijaze ya steshenari. Code ya kuthibitisha chuo itakuja kwenye namba hiyo. Andika nywila yako kwenye daftari kabla hujaondoka." Bandikeni na karatasi kwenye steshenari zenyewe za karibu na shule, wale vijana wengi ni waungwana, wakielezwa wanasaidia. Na majina yakitoka, kapsheni ya "Hongera mliochaguliwa!" peke yake haitoshi, mstari wa kwanza useme aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja athibitishe kimoja, mwisho tarehe fulani, code ikichelewa afanye nini na apige namba ipi. Pongezi zije mstari wa pili.

Mtaniuliza kapsheni ipimwe vipi kabla ya kuiposti, maana likes hazisemi kitu. Mimi nawaambia angalieni inboksi. Posti ikitoka halafu maswali yanayoingia ni "ada bei gani", "nna thrii naweza pata", "mwisho lini", hiyo kapsheni imefeli hata ikipata likes elfu nne, kwa sababu watu wanauliza vitu ambavyo ilitakiwa ivijibu. Maswali yakibadilika yakawa "nina Hesabu E na Uchumi C je Hesabu inahesabiwa", hapo mnaongea na mtu aliyesoma na mwenye nia. Chukueni maswali ya mwaka jana, yapangeni, yale yaliyorudi rudi ndo kapsheni zenu za mwaka huu. Na kabla ya kuposti mpeni kapsheni mtu mmoja wa ofisi ya udahili aangalie alama na masomo, na mwingine wa uhasibu aangalie hela, maana kijana wa mitandao anaandika vizuri ila anaweza kunakili sifa za mwongozo wa mwaka jana, na kozi nyingine masharti yanabadilika.

La mwisho ni posti za zamani. Dirisha la kwanza likifungwa ile posti ya "mpaka 10 Agosti" inaendelea kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, huko hamuwezi kuifuta. Lakini Insta na Fesibuku mnaweza kurekebisha kapsheni, ingieni mbadilishe mstari wa kwanza useme dirisha hili limefungwa, na dirisha la pili likitangazwa muandike tarehe zake na kozi zilizobaki na nafasi, na picha mpya iwe na rangi tofauti kabisa na ya kwanza ili mtu kwenye grupu aone hii sio ile. Na kila picha mwaka uandikwe, 2025/2026 au wowote ule, kwa herufi kubwa, kwa sababu nimeshaona mabango ya miaka miwili nyuma yanatumwa kwa wazazi kama mapya na ada yake ya zamani.

Nimemaliza, karibuni kwa maswali, na mliokuja na kapsheni zenu kwenye simu mzilete hapa mbele tuzisome moja moja.